Sanduku la Maoni Lisilojibu

Ofisi nyingi zina sanduku la maoni. Limetundikwa karibu na mlango wa utawala, lina kufuli, na hajulikani mwenye ufunguo. Siku likifunguliwa hukutwa malalamiko ya mshahara, umbea kuhusu msimamizi fulani na karatasi ya pipi. Wakubwa huhitimisha kwamba wafanyakazi hawana mawazo, ilhali hawajaulizwa kitu.

Tuchukue kiwanda cha mikate chenye watu 40. Badala ya bango la "Toa Maoni Yako", meneja aulize jambo moja kwa mwezi: mikate yetu inaharibikia wapi kabla haijaliwa? Fomu iwe nusu ukurasa tu: tatizo liko wapi, wewe ungefanyaje. Jina si lazima, ila kila fomu iwe na kipande chenye namba, kinachochanwa na kubaki kwa mwenye wazo. Asiyependa kuandika amsimulie mwenzake. Mambo ya mshahara na unyanyasaji yawe na njia yake ya siri. Hayo si ya ubaoni.

Tuseme mpakiaji, mwenye namba 17, anaandika kwamba mikate hufungwa ingali moto, mvuke unanasa ndani ya mfuko na ukungu unawahi kuota. Anaomba rafu zaidi za kupozea, na upakiaji uchelewe saa moja.

Hapo ndipo mipango mingi hufia, kwa sababu fomu hupanda kwa mkurugenzi na haishuki tena. Dawa yake ni ubao, uwekwe pale watu wanapokunywa chai, wenye namba, wazo, anayelishughulikia, jibu na tarehe. Wiki haijaisha, namba 17 inasomeka: "Rafu: ndiyo, fundi anachomelea mbili. Kuchelewesha upakiaji: hapana, gari la kwanza linatoka saa kumi alfajiri. Tutajaribu feni wiki mbili, tukihesabu mikate inayorudishwa na maduka."

Hiyo "hapana" yenye sababu inafaa kuliko "tunalifanyia kazi", maneno ambayo kila mfanyakazi anajua maana yake. Sababu ikiwa wazi, pengine dereva atajitokeza na kusema gari linaweza kuanza na maduka ya karibu.

Mambo madogo yasisubiri kikao. Msimamizi wa zamu aruhusiwe kutumia, tuseme, shilingi 50,000 bila saini ya juu. Kuhusu zawadi, ningekuwa mwangalifu: donge nono huzaa ugomvi wa nani aliwaza kwanza. Kodak, kampuni ya Marekani, inasimuliwa kuwa mwaka 1898 ilimlipa mfanyakazi dola 2 kwa kushauri madirisha yasafishwe ili mwanga uingie. Kadiri hiyo inatosha.

Afya ya mpango usiipime kwa wingi wa fomu. Tazama tarehe: wazo lililokaa siku 30 bila jibu liandikwe kwa wino mwekundu, pamoja na cheo cha anayelichelewesha, hata kama ni meneja mkuu.