Wachomaji wa Bangladeshi na Moshi Uliopungua

Juu ya tanuru la matofali nchini Bangladeshi, wachomaji huvaa ndara za mbao, maana moto uko chini ya nyayo zao. Mmoja hufunua kifuniko cha chuma, hutia makaa ya mawe kwenye tundu, hufunika, kisha huenda kwenye tundu linalofuata. Ukitaka kujua kazi yake inakwendaje, tazama bomba la moshi. Likitoa wingu jeusi dakika chache baada ya kila zamu ya kutia makaa, kuna mafuta yanayokwenda angani bila kuungua.

Nchi hiyo ina maelfu ya matanuru. Huwashwa majira ya ukavu, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kwa kuwa mvua huharibu matofali mabichi. Huko matofali hayasogezwi, ila moto ndio unaosafiri. Yamepangwa ndani ya njia pana inayozunguka kama uwanja wa mbio, na moto huisogea njia hiyo pole pole, usiku na mchana. Hewa huingia nyuma, kwenye matofali yaliyokwisha kuiva, ikayapoza huku yenyewe ikipata joto. Hufika motoni ikiwa moto tayari. Hewa chafu itokayo hapo hupita katikati ya matofali mabichi yaliyo mbele na kuyakausha kabla ya kutoka bombani. Ni ubunifu mzuri kuliko tanuru la rundo linalojulikana vijijini kwetu Afrika Mashariki, ambalo hutiwa kuni chini, likakandikwa udongo, na likipoa joto lake lote huishia hewani.

Moshi mweusi unatoka wapi, basi? Makaa yakimwagwa mengi kwa mara moja, gesi zake hufoka zote pamoja na hewa haiwezi kuzichoma zote. Zinazobaki hugeuka masizi. Kwa miaka mingi dawa iliyotegemewa ilikuwa kurefusha bomba hadi futi 120, jambo ambalo liliusukuma moshi juu na mbali bila kuupunguza.

Dawa ya kweli iko kwenye mpangilio wa matofali. Katika tanuru la zigizagi, matofali hupangwa kwa vyumba, na hewa hulazimika kupinda kulia na kushoto badala ya kwenda moja kwa moja. Safari yake hurefuka karibu mara tatu. Kila kona huichanganya na gesi za makaa, na joto hupata muda zaidi wa kuingia kwenye udongo. Bangladeshi ilijenga matanuru mengi ya aina hii. Lakini mengi yaliendelea kuwashwa kama yale ya zamani: matofali yakibanwa mno, wachomaji wawili wakitia makaa mengi kwa pamoja kisha wakipumzika, na moshi ukibaki uleule.

Hapo ndipo watafiti walipoingia. Waliyagawa matanuru 276 kwa kura. Wamiliki na wafanyakazi wa baadhi yao walifundishwa na kusaidiwa papo hapo, na mengine yakaachwa yaendelee kama kawaida ili yalinganishwe. Hawakuhitaji kujenga tanuru jipya. Matofali yalipangwa kwa nafasi zinazopitisha hewa. Mchomaji mmoja alitia makaa kidogo kidogo bila kukatiza, akipokezana na mwenzake. Unga wa mbao na mabaki mengine ya mimea yalichanganywa na makaa. Mlango wa tanuru ulizibwa kwa ukuta mnene wenye nafasi ya hewa katikati, na tabaka nene la majivu likawekwa juu ili joto lisitoroke.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la Sayansi la Marekani. Matanuru 65 kati ya kila 100 yaliyofundishwa yalibadili utaratibu. Yaliyobadili yalitumia nishati pungufu kwa asilimia 23, na hewa ukaa pamoja na chembe laini za moshi zikapungua kwa asilimia 20. Matofali ya daraja la kwanza yaliongezeka pia, na hilo lilimgusa mmiliki mfukoni. Tofali lililoiva vizuri hulia kama chuma likigongwa na jingine, ilhali lililoiva nusu hutoa mlio mzito na huuzwa kwa bei ya chini.

Watu wa jirani wanastahili kuambiwa mipaka ya hatua hii. Tanuru hilo bado linachoma makaa ya mawe, na sehemu kubwa ya uchafu wake bado inatoka. Bomba linaloonekana safi linaweza kuwa linatoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo huingia mapafuni. Matofali mabichi yasiyokauka juani hula makaa zaidi, kwa sababu maji yake lazima yageuzwe mvuke kwanza. Na mchomaji aliyechoka saa tisa usiku akirudia mtindo wa kumwaga makaa mengi ili apumzike, wingu jeusi litarudi bombani muda mfupi baadaye.