Alijua Anachofanya, Lakini Je, Aliweza Kujizuia?

Mwingereza Francis Windle alimpa mkewe vidonge 100 vya aspirini, naye akafa. Mama huyo alikuwa akisema mara kwa mara kwamba anataka kujiua, na ushahidi wa kitabibu ulionyesha kuwa akili ya Windle nayo ilikuwa na hitilafu. Lakini Windle aliwaambia polisi kwamba huenda akanyongwa kwa alilolifanya. Kauli hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 1952 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba mtu anayefahamu adhabu inayomngoja anafahamu pia kuwa amevunja sheria. Kwa hiyo si mwendawazimu mbele ya sheria, hata kama daktari amemwona mgonjwa.

Kipimo hicho kilitokana na kesi ya Daniel M'Naghten, aliyempiga risasi katibu wa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1843. Majaji waliweka masharti haya: mshtakiwa athibitishe kwamba, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, hakujua anafanya nini, au hakujua kwamba ni kosa. Masharti yote mawili yanahusu kujua. Hapakuulizwa kama mtu aliweza kujizuia, na kwangu huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa maradhi ya akili hayaishii kwenye fahamu.

Mwaka 1957 Bunge la Uingereza lilifungua njia ya kati, utetezi wa uwajibikaji uliopungua. Unatumika katika kesi za mauaji pekee na haumwachii mtu huru: kosa hushuka kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia, na jaji hupata nafasi ya kupima adhabu.

Uzito wake ulionekana mwaka 1960 katika kesi ya Patrick Byrne, aliyemnyonga msichana katika hosteli moja ya Birmingham. Byrne alijua anachofanya, tena alijua ni kosa, kwa hiyo kwa kipimo cha 1843 hakuwa na pa kushika. Madaktari walieleza kuwa alikuwa na tamaa potovu za kingono zilizomwia vigumu mno kuzizuia. Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba akili isiyo ya kawaida ni pamoja na nia iliyokosa nguvu ya kujitawala, ikamwondolea kosa la kuua kwa kukusudia. Hata hivyo kifungo cha maisha kilibaki, maana alikuwa bado hatari kwa watu.

Sheria za Afrika Mashariki zilichota kwenye kisima hicho. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinabaki kwenye fahamu: je, mtu aliweza kuelewa anachofanya, au kujua kwamba hapaswi kukifanya? Kifungu cha 13 cha Tanzania Bara kinaongeza hali ya tatu, ya mtu ambaye ugonjwa umemnyima udhibiti wa tendo lake. Suala ambalo Uingereza liliweza kumpunguzia Byrne kosa tu, Tanzania limewekwa ndani ya kipimo chenyewe cha wendawazimu.