Punje kwa Mtu, Bua kwa Ng'ombe

Katika mashamba ya Asumbi, kaunti ya Homa Bay, mahindi yakishavunwa, punje husagwa ziwe unga wa ugali na mabua huachiwa ng'ombe, ijapokuwa wanga uliomo katika punje na selulosi inayolipa bua uimara wake vyote viwili vimejengwa kwa sukari moja tu, yaani glukosi. Tofauti imo katika bondi ya glikosidi, kiungo kinachoshikanisha glukosi moja na nyingine kupitia atomi ya oksijeni, kutoka kaboni ya kwanza ya moja hadi kaboni ya nne ya jirani yake.

Katika wanga kiungo hicho ni cha alfa, nao mnyororo hujipinda kama chemchemi iliyolegea, ambayo amilesi, kimeng'enya cha mate na cha kongosho, huikata kwa urahisi. Ndiyo maana tonge la ugali likitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa na utamu. Katika selulosi kiungo ni cha beta, hivyo kila glukosi hugeuzwa juu chini ikilinganishwa na jirani yake, minyororo hunyooka, hulala sambamba na kufungamana kwa bondi nyingi za haidrojeni. Amilesi haina umbo la kukishika kiungo hicho, wala mwili wa binadamu hautengenezi kimeng'enya kingine cha kukikata. Ng'ombe naye hana, ila katika tumbo lake la kwanza huishi bakteria wanaokitengeneza.

Glukosi ya ugali isiyotumika mara moja huhifadhiwa katika ini na misuli kama glikojeni, ambayo viungo vyake ni vya alfa, lakini kila baada ya glukosi 8 hadi 12 huchipuza tawi kupitia kaboni ya sita. Matawi hayo ndiyo yanayoamua kasi, kwa sababu kimeng'enya cha fosforilesi hung'oa glukosi moja moja kutoka nchani tu: chembe kubwa ya glukosi 55,000 huwa na ncha zipatazo 2,000 zinazoweza kung'olewa kwa wakati mmoja, ilhali mnyororo usio na tawi, wenye glukosi idadi ileile, ungekuwa na ncha moja tu ya namna hiyo.

Hata hivyo, tawi lenyewe ni kizuizi, kwani fosforilesi husimama glukosi nne kabla ya kulifikia. Hapo kimeng'enya kingine huhamisha tatu hadi ncha ya jirani, kisha hukata ile moja iliyobaki kwenye kiungo cha kaboni ya sita. Mtoto anayezaliwa bila kimeng'enya cha kutengeneza matawi, hali iitwayo ugonjwa wa Andersen, hukusanya katika ini glikojeni yenye minyororo mirefu na matawi machache, ambayo huyeyuka kwa shida, na mara nyingi ini hilo hujaa makovu angali mdogo.