Hesabu Kwanza, Bango Baadaye

Majalada ya kazi ya wanaoanza masoko yanafanana mno: mabango mazuri ya soda na ya mitandao ya simu, kwa kampuni ambazo hazikuwatuma. Mabango hayo yanaonyesha kuwa mtu anajua kupanga picha na maneno. Kama anaweza kumleta mteja dukani, hayasemi. Kwa mwanafunzi, au kwa mwalimu anayetaka kuhamia fani hii, biashara moja ya mtaani yenye hesabu za kweli ina uzito kuliko mabango yote hayo.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani anayepokea oda kwa WhatsApp. Mwombe umsaidie mwezi mmoja bila malipo, kwa sharti kwamba utaruhusiwa kuonyesha matokeo, na akubali kwa ujumbe ulioandikwa. Kisha usichore chochote kwanza. Kwa wiki mbili, kila anayeulizia aandikwe kwenye daftari: tarehe, ametaka nini, amemjuaje fundi, ameweka oda au hakuweka. Wengi huiruka hatua hii, na mwezi ukiisha hawana cha kulinganisha.

Sasa ndipo ufungue WhatsApp Business, ambayo ni bure, uweke picha za nguo alizoshona mwenyewe pamoja na bei za kuanzia. Halafu tengeneza kiungo cha Instagram:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nimekuona%20Instagram
```

Penye X weka namba ya fundi bila sifuri ya mwanzo. %20 ni nafasi kati ya maneno. Mteja akibonyeza, anakuta ujumbe umeshaandikwa, yeye ni kuutuma tu. Kiungo cha Facebook kipe maneno yake, na fundi atajua kila mteja ametokea wapi bila kumhoji.

Tuseme mwanzo waliulizia watu 20 wakaoda 4, na wiki mbili za mwisho wakaulizia 30 wakaoda 9. Inavutia kuandika kwamba umezidisha oda maradufu. Tazama kalenda kwanza. Kama wiki hizo ziliangukia kabla ya Idi, mafundi wote walikuwa wamejaa kazi, na sehemu ya ongezeko ni ya sikukuu. Liandike hilo waziwazi, pamoja na tangazo ambalo halikuleta mtu. Mwajiri mzoefu hapo ndipo anapoona kwamba unaelewa kazi.

Ukurasa mmoja unatosha: hali uliyoikuta, ulichofanya, kilichotokea. Ukiweka picha za mazungumzo, ficha majina na namba za wateja, kwani Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022, na Kenya tangu 2019.

Yale mabango ya soda unaweza kuyaweka pia, mradi juu yake uandike "zoezi binafsi". Mwajiri akigundua mwenyewe kwamba kampuni ile haikukutuma, hataziamini hata hesabu za fundi.