Pembetatu Nyembamba Kama Chelewa

Chukua bikoni moja kwenye kona ya kiwanja. Kutoka hapo mpaka wa zamani unakwenda mita 100.01 hadi jiwe la mwisho. Kutoka bikoni hiyohiyo mpaka mpya unakwenda mita 99.994 hadi jiwe lingine, na kati ya mawe hayo mawili ya mwisho kuna sentimita 2.2 tu, yaani mita 0.022. Majirani wawili wanataka kujua ardhi iliyonaswa katikati ina ukubwa gani. Umbo lake ni pembetatu, lakini nyembamba kama chelewa ya ufagio: pembe iliyo kwenye bikoni haifiki hata sehemu moja ya mia ya nyuzi moja.

Anayejua urefu wa pande tatu ana kanuni ya kale ya kupata eneo. Heroni wa Aleksandria, nchini Misri, aliieleza katika karne ya 1 baada ya Kristo kwa mfano wa pembetatu yenye pande 7, 8 na 9. Jumlisha pande zote, gawa kwa mbili, upate nusu ya mzingo, tuiite s. Kisha zidisha s kwa s−a, kwa s−b na kwa s−c, halafu tafuta kipeuo cha pili. Kwa mfano wa Heroni, s ni 12, na 12 × 5 × 4 × 3 ni 720. Kipeuo cha pili cha 720 ni 26.83 hivi, na hilo ndilo eneo.

Sasa tuipeleke kanuni hiyo kwenye chelewa yetu. Tutumie kikokotoo kinachobeba tarakimu tano muhimu tu, ili kila hatua ionekane kwa macho. Pande zetu zote zinaingia humo bila kupunguzwa: a ni 100.01, b ni 99.994, c ni 0.022.

Jumla ya a na b ni 200.004. Hizo ni tarakimu sita, kwa hiyo kikokotoo kinakadiria na kubaki na 200.00. Ongeza c: 200.022, inayokadiriwa kuwa 200.02. Gawa kwa mbili: s ni 100.01. Sasa toa a kwenye s. Jibu ni sifuri, na sifuri ikizidishwa kwa chochote ni sifuri. Kikokotoo kinasema hapana ardhi yoyote kati ya mipaka hiyo miwili.

Lakini ardhi ipo. Ukifanya hesabu kwa mkono bila kudondosha tarakimu hata moja, s ni 100.013, s−a ni 0.003, na eneo linatoka mita za mraba 0.755. Hicho ni kipande kinachozidi ukubwa wa meza ndogo ya kulia chakula.

Kosa limeingia wapi? Wengi hunyoshea kidole hatua ya kutoa, kwa kuwa ndipo sifuri ilipojitokeza. Hatua hiyo haina hatia: 100.01 kutoa 100.01 ni sifuri kweli. Uharibifu ulitokea mapema, wakati wa kujumlisha. Ukishafika kwenye mia, kikokotoo cha tarakimu tano hupanda kwa hatua za 0.01, kama ngazi. Ngazi hiyo haina kipago cha 100.013. Kwa hiyo s−a inaweza kuwa 0, au 0.01, au 0.02, lakini kamwe haiwezi kuwa 0.003. Kujumlisha kulifuta tarakimu ndogo, na kutoa kukaonyesha tu kwamba zimefutika. Katika pembetatu ya 7, 8 na 9 kosa kama hilo lisingeonekana, kwa sababu s−a ni namba kubwa. Katika chelewa, s−a ndiyo unene wenyewe wa pembetatu, na imezidiwa kwa mbali na s.

Dawa ya tatizo hili iliandikwa katika miaka ya 1980 na William Kahan, mwanahisabati mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni mmoja wa walioongoza kazi ya kutunga kanuni za namna kompyuta zinavyohesabu namba za desimali, zilizopitishwa mwaka 1985, na mwaka 1989 alipewa Tuzo ya Turing. Hakubuni kanuni nyingine ya eneo. Aliichukua ileile ya Heroni, akabadilisha mpangilio wa kazi.

Kwanza panga pande kwa ukubwa: a iwe ndefu kuliko zote, b ifuate, c iwe fupi kuliko zote. Kisha andika hivi:

```
eneo = sqrt( (a+(b+c)) * (c-(a-b)) * (c+(a-b)) * (a+(b-c)) ) / 4
```

Alama `sqrt` ni kipeuo cha pili. Ukiitazama vizuri utaona ni kanuni ileile. Mabano ya kwanza ni s mara mbili, ya pili ni s−a mara mbili, ya tatu ni s−b mara mbili, na ya nne ni s−c mara mbili. Mbili nne zikizidishwa ni 16, na kipeuo chake cha pili ni 4, ndiyo maana tunagawa kwa 4 mwishoni. Tofauti ni kwamba hapa hatupiti kwenye s. Tunatoa namba zilizopimwa zenyewe, kabla hazijaguswa na ukadiriaji wowote.

Tuijaribu kwa kikokotoo kilekile. Kwanza b+c ni 100.016, inakadiriwa kuwa 100.02; ukiongeza a unapata 200.03. Halafu a−b ni 0.016 kamili. Kwa hiyo c−(a−b) ni 0.006 kamili, na c+(a−b) ni 0.038 kamili. Mwisho, b−c ni 99.972, na ukiongeza a unapata 199.982, inayokadiriwa kuwa 199.98. Zidisha zote nne, ukikadiria kila hatua kwa tarakimu tano: 9.1207. Kipeuo cha pili ni 3.0200. Gawa kwa nne: 0.75500. Kikokotoo kilichosema ardhi haipo sasa kimetoa eneo sahihi hadi tarakimu yake ya mwisho.

Siri imejificha kwenye a−b. Namba mbili zinapokaribiana, tofauti yake huhitaji tarakimu chache kuliko zilizomo ndani yake, kwa hiyo huingia kwenye kikokotoo bila kukadiriwa. Sharti ni kwamba kubwa isizidi ndogo mara mbili. Je, tuna hakika gani kwamba a haizidi b mara mbili? Pembetatu yenyewe ndiyo inayotuhakikishia. Upande mrefu hauwezi kushinda jumla ya hizo mbili nyingine, na kwa kuwa tumezipanga, c haizidi b. Basi a haiwezi kuzidi b na b nyingine. Kwa maneno mengine, kwa pembetatu yoyote duniani, ukishazipanga pande, a−b hutoka kamili. Ndiyo maana kupanga kunatangulia.

Asiyepanga anaweza kubahatika, lakini ni bahati tu. Tuseme upande mfupi ulipimwa vizuri zaidi, ukawa 0.0224. Mtu akaingiza pande bila mpangilio: 0.0224 ikakaa mahali pa a, 100.01 mahali pa b, na 99.994 mahali pa c. Sasa a−b ni −99.9876, ambayo kikokotoo kinaikadiria kuwa −99.988. Tarakimu ya mwisho ya upande mfupi imemezwa na upande mrefu. Mabano ya c+(a−b) yanatoa 0.006 badala ya 0.0064, na eneo linapungua kwa asilimia tatu hivi. Ukizipanga kwanza, 0.022 ya awali au 0.0224 ya sasa hukutana na 0.016, namba ya kimo chake, na hakuna kinachopotea.

Mabano nayo yana kazi. Kwenye darasa la aljebra, c−(a−b) na c−a+b ni kitu kimoja, na mwalimu atakusifu ukiyaondoa mabano. Kwenye kikokotoo, c−a inafanywa kwanza, na tunarudi kwenye kosa lilelile la 0.0224 kutolewa kwenye 100.01. Hata programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine zinaweza kuvuruga mpangilio zikiamriwa kuharakisha hesabu kwa gharama yoyote. Katika lugha ya C, amri ya `-ffast-math` inaruhusu hivyo. Python huheshimu mabano kama yalivyoandikwa:

```python
from math import sqrt

def eneo(x, y, z):
    c, b, a = sorted((x, y, z))
    if c - (a - b) < 0:
        raise ValueError("si pembetatu")
    return sqrt((a+(b+c)) * (c-(a-b)) * (c+(a-b)) * (a+(b-c))) / 4
```

Msomaji anaweza kusema kompyuta za leo hubeba tarakimu 16 hivi, si tano. Ni kweli, na kwa kompyuta hizo chelewa yetu ya mita 100 haina shida hata kwa njia ya Heroni. Lakini zipo programu zinazohifadhi namba kwa tarakimu saba hivi ili kubana nafasi, na humo kanuni ya kawaida ingebakiza tarakimu mbili au tatu tu za kuaminika kwa kipande hiki. Tarakimu zikiongezwa, ngazi hupata vipago vilivyokaribiana zaidi. Chelewa nyembamba zaidi bado itapenya katikati. Njia ya kugundua hatari ni kulinganisha c−(a−b) na tarakimu ya mwisho ambayo mashine inaweza kuibeba kwenye a. Hapa 0.006 ni ndogo kuliko kipago cha 0.01, na hilo pekee lilitosha kututahadharisha.

Kuna jambo moja ambalo kupanga pande hakuwezi kuliponya: futi ya kupimia. Kanuni ya Kahan inatoa eneo la pembetatu uliyoiingiza, kwa uaminifu kamili. Upande mrefu ukikosewa kwa milimita moja, ukawa 100.011, eneo linashuka hadi 0.698. Ukiwa 100.009, linapanda hadi 0.805. Ukikosewa kwa sentimita moja tu, ukasomwa 100.02, a−b inakuwa 0.026, inauzidi upande mfupi, na programu yetu inakataa: si pembetatu. Hilo ni jibu jema kuliko sifuri, kwa sababu linamrudisha mpimaji uwanjani.

Na akirudi uwanjani, aiache hiyo mita 100. Kimo cha chelewa hii, kutoka jiwe la mpaka mpya hadi mstari wa mpaka wa zamani, ni sentimita 1.5 hivi. Rula ya mwanafunzi inaweza kuipima kwa milimita, jambo gumu sana kwa futi iliyovutwa mita 100 juani. Nusu ya urefu mara kimo itampa eneo, na hapo sentimita moja ya kosa kwenye ule upande mrefu haitabadilisha chochote ambacho majirani wale wangeweza kukiona.