Maji ya Nyuzi 37 na Namba Isiyo 7

Mwanafunzi yeyote aliyepita darasa la kemia anaijua ile mistari ya rangi ya kipimo cha pH. Upande mmoja ni wekundu wa tindikali, upande wa pili ni zambarau ya besi, na katikati, kwenye kijani, imeandikwa 7. Jambo lisiloandikwa mara nyingi ni kwamba hiyo 7 ni ya maji yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Maji hayohayo, yakiwa safi vilevile, yakipashwa hadi nyuzi 37 ambazo ndizo joto la mwili wa binadamu, pH yake ni 6.81. Na hayajawa tindikali hata kidogo.

Kwa aliyefundishwa kwamba chini ya 7 ni tindikali, basi, sentensi hiyo ya mwisho inaonekana kujipinga. Ili kuielewa inabidi kuanza na maji yenyewe, maana hata maji yasiyochanganywa na kitu chochote hayakai kama molekuli kamili tu. Kila wakati kuna molekuli chache zinazoachana: moja inatoa ayoni ya hidrojeni, ambayo hubebwa na molekuli jirani, na inabaki ayoni ya haidroksidi. Papo hapo ayoni nyingine zinakutana na kurudi kuwa maji. Ni kama daladala iliyoko njiani siku nzima: watu wanapanda, wengine wanashuka, lakini idadi ya waliomo haibadiliki sana. Kwenye nyuzi 25, katika molekuli milioni 555 za maji ni moja tu iliyoachana. Hiyo ndiyo asili ya kiasi kinachotajwa vitabuni, yaani moli 10⁻⁷ za ayoni za hidrojeni katika lita moja, pamoja na idadi ileile ya haidroksidi.

Kiasi cha ayoni za hidrojeni kikizidishwa kwa kiasi cha haidroksidi hupatikana zao la ayoni za maji, ambalo wanakemia huliandika Kw. Kwenye nyuzi 25 zao hilo ni 1.0 × 10⁻¹⁴. Faida yake ni kwamba halitetereki kwa kutia tindikali au besi kidogo: hidrojeni zikiongezeka, haidroksidi hupungua kwa kiwango kinachofanya zao libaki vilevile. Kitu kinacholibadilisha kwelikweli ni joto.

Sababu yake inaweza kushikwa kwa mkono. Mwalimu akichanganya nusu lita ya tindikali ya haidrokloriki na nusu lita ya magadi makali, yaani sodiamu haidroksidi, zote zikiwa na moli moja kwa lita, chombo kinapata moto. Kipimajoto kilichotumbukizwa humo hupanda kwa nyuzi sita hadi saba hivi. Joto hilo linatoka kwenye ayoni za hidrojeni na haidroksidi zinapoungana kuwa maji, na kiasi chake ni takriban kilojuli 56 kwa kila moli ya maji inayozaliwa. Sasa, kama kuungana kunatoa joto, kuachana lazima kulile. Maji yanayopashwa yanapewa joto la kuachania, kwa hiyo molekuli nyingi zaidi zinaachana.

Ni nyingi kiasi gani? Mholanzi Jacobus van 't Hoff aliacha hesabu inayounganisha joto la mmenyuko na namba kama Kw. Ukiweka humo zile kilojuli 56, na halijoto mbili za 25 na 37 zikiwa katika kipimo cha Kelvini, jibu linakuja kwamba Kw inaongezeka mara 2.4. Hivyo kwenye joto la mwili ni 2.4 × 10⁻¹⁴. Maji ni safi, na kila hidrojeni iliyotoka imeacha haidroksidi moja nyuma, kwa hiyo viwango viwili ni sawa na kila kimoja ni kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani 1.55 × 10⁻⁷. Kiasi cha molekuli zilizoachana kimepanda kutoka moja katika milioni 555 hadi moja katika milioni 356 hivi. pH hupatikana kwa kuchukua logi ya kiwango cha hidrojeni na kugeuza alama yake, na logi ya 1.55 × 10⁻⁷ ni −6.81.

Hapo ndipo ule utata unapofunguka. Ayoni za hidrojeni zimeongezeka, ndiyo maana pH imeshuka. Lakini haidroksidi nazo zimeongezeka kwa idadi ileile kabisa, na tindikali ni pale hidrojeni zinapozidi haidroksidi. Hapa hakuna iliyozidi mwenziwe. Nukta ya kati imehama tu, na inahama muda wote. Kwenye baridi ya barafu iko 7.47, katika chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 30 iko 6.92, kwenye maji yanayochemka inakaribia 6.1.

Mdenmaki Søren Sørensen, aliyebuni kipimo cha pH mwaka 1909 katika Maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alilijua hili tangu mwanzo. Alifanya kazi zake kwenye nyuzi 18, na nukta ya kati aliyoitaja ilikuwa 7.07. Namba 7 kamili ilikuja kushika vitabu kwa kuwa nyuzi 25 ndilo joto lililokubaliwa maabara nyingi, na kwenye joto hilo Kw inaangukia karibu kabisa na 10⁻¹⁴.

Sasa tuiangalie damu. Damu ya mishipa ya ateri ya mtu mwenye afya ina pH ya 7.35 hadi 7.45, na vitabu husema ni besi kidogo. Anayepima kwa 7 anaona tofauti ya 0.4 tu. Lakini damu haiishi kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 37, pH ya 7.40 ina maana ya nanomoli 40 za hidrojeni kwa lita. Ukigawa Kw ya joto hilo kwa kiasi hicho unapata haidroksidi nanomoli 600, yaani mara 15 ya hidrojeni. Ukikosea ukatumia Kw ya darasani, unapata mara 6 na kidogo. Damu iko mbali na nukta ya kati kwa 0.59, si kwa 0.4, na tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa logi hubana namba kubwa zionekane ndogo.

Ndiyo maana maneno ya hospitalini yanahitaji kusikilizwa kwa makini. Mgonjwa wa kisukari ambaye tindikali zimemjaa, pH ya damu yake ikiwa 7.0, anaambiwa damu imekuwa na tindikali nyingi, na kweli yuko kwenye hatari ya kufa. Kikemia damu hiyo bado ina haidroksidi nyingi kuliko hidrojeni. Madaktari hawapimi kwa nukta ya kati ya maji, wanapima kwa 7.40 ambayo mwili umeizoea, na wanafanya sahihi. Protini na vimeng'enya vya binadamu vimejengwa kufanya kazi pale, na kushuka kwa 0.4 ni kupanda kwa hidrojeni mara mbili na nusu.

Hesabu ya 6.81 ina mpaka wake pia. Ni ya maji matupu. Damu na majimaji ya ndani ya seli yana chumvi, na chumvi huzivuta ayoni kwa umeme wake, ikasogeza namba kiasi. Atakayetaka kuiona 6.81 kwa macho yake naye atapata shida. Maji yaliyotoneshwa yakikaa wazi hunywa kabonidayoksaidi ya hewani, ikawa tindikali dhaifu, na pH ikashuka hadi 5.6 hivi. Hiyo ni tindikali ya kweli, na haina uhusiano na joto. Kuchemsha huitoa hewa hiyo, ila maji yafunikwe yanapopoa. Halafu maji safi hupitisha umeme kidogo mno, kwa hiyo mita ya pH huyumba na kuchelewa kutulia.

Mita yenyewe huleta kosa lingine. Nyingi zina kipimajoto kinachosahihisha usomaji, na mtumiaji hudhani kinarudisha jibu kwenye nyuzi 25. Sivyo. Kinasahihisha elektrodi tu, ambayo kwa kila hatua moja ya pH hutoa milivolti 59.2 kwenye nyuzi 25 na 61.5 kwenye nyuzi 37. Namba inayobaki kwenye kioo ni pH ya kimiminika kwa joto kilicho nalo wakati huo. Bila joto kuandikwa pembeni, namba hiyo haijakamilika.

Kuna mahali ambapo kuhama kwa nukta ya kati kumegeuka kuwa swali la tiba, nako ni chumba cha upasuaji wa moyo. Mgonjwa mwingine hupoozwa ili ubongo na viungo vitumie oksijeni kidogo wakati moyo umesimamishwa. Damu inapopoa ikiwa ndani ya chombo kilichofungwa, pH yake hupanda kwa takriban 0.015 kwa kila nyuzi moja. Kwenye nyuzi 27, iliyokuwa 7.40 inakuwa 7.55. Kwa jicho la haraka mgonjwa amezidi kuwa na besi. Lakini kwenye nyuzi 27 nukta ya kati ya maji iko 6.96. Toa 6.96 kwenye 7.55 unapata 0.59, umbali uleule wa nyuzi 37.

Hermann Rahn na Robert Reeves, watafiti wa fiziolojia nchini Marekani, waliona katika miaka ya 1970 kwamba wanyama ambao joto la mwili wao hufuata mazingira, kama kobe na vyura, huiacha pH ya damu yao ipande na kushuka hivyohivyo. Reeves alieleza kwamba siri iko kwenye histidini, kiungo cha protini ambacho nguvu yake ya kushika hidrojeni hubadilika kwa joto karibu sawa na maji. pH ikifuata, sehemu ya histidini iliyoshika hidrojeni haibadiliki, na protini inabaki na chaji yake ileile.

Mashine ya kupima gesi za damu hupasha kila sampuli hadi nyuzi 37. Timu inayofuata njia inayoitwa alfa-stati huichukua namba ya mashine kama ilivyo na kulenga 7.40, ikijua kwamba ndani ya mwili uliopozwa namba halisi iko juu zaidi. Timu ya pH-stati huirekebisha kwa joto la mgonjwa na kuongeza kabonidayoksaidi hadi 7.40 ipatikane kwenye baridi ileile, jambo linalopanua mishipa ya ubongo na kupitisha damu zaidi. Kwa watu wazima njia ya kwanza ndiyo inayotumika zaidi. Kwa watoto wachanga wanaopoozwa sana, wapasuaji wengi huchagua ya pili.