Je, Wajua? Tangazo la kipaza sauti halina mwanzo

Je, wajua kwamba tangazo la sekunde 30 lililoandikwa vizuri kwa ajili ya redio linaweza lisisikike kamili na mtu hata mmoja likipigwa kwenye gari?

Chukua gari la matangazo linalopita Ngamiani, Tanga, saa nne asubuhi. Juu lina spika mbili zenye midomo ya tarumbeta, moja imetazama mbele na nyingine nyuma. Tuseme katika mtaa wenye kelele za kawaida, maneno yanaeleweka kuanzia mita 60 kabla gari halijakufikia hadi mita 60 baada ya kukupita. Jumla ni mita 120. Gari likitembea kilometa 10 kwa saa, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka, linazimaliza mita hizo kwa sekunde 43. Dereva akikanyaga hadi kilometa 20 kwa saa, zinabaki sekunde 21 na kidogo. Mama aliyekaa barazani anakosa karibu theluthi ya tangazo lako la sekunde 30, na theluthi hiyo aghalabu ndiyo yenye bei au mahali pa kwenda.

Kibaya zaidi, hakuna anayejua ataanzia wapi. Msikilizaji wa redio hulipata tangazo tangu neno la kwanza. Wa barazani hulidaka pale gari lilipomkuta, pengine katikati ya sentensi. Kwa hiyo tangazo la kipaza sauti halina mwanzo wala mwisho: linazunguka, na kila anayelidaka anapaswa kuondoka na mambo yale yale.

Je, wajua ni salamu ndiyo inayomla mteja?

Matangazo mengi ya mtaani hufunguliwa hivi: "Habari njema, habari njema! Wakazi wote wa Jiji la Tanga na vitongoji vyake, Makorora, Mabawa, Chumbageni, Msambweni, Duga na Nguvumali, uongozi wa duka letu unapenda kuwatangazia kwamba..." Hapo sekunde kama 13 zimekwisha na hakuna aliyejua kinachouzwa. Uungwana wa pwani ni jambo zuri, lakini spika haigongi hodi mlangoni. Anayesikia Msambweni ikitajwa anajua tayari yuko Msambweni.

Tujaribu tangazo lisilo na salamu, la fundi baiskeli wa kubuni. Baiskeli zinaujaza mji wa Tanga, kwa hiyo wateja wapo. Kinachotakiwa ni neno moja litakalowatoa majumbani. Fundi huyu anauza tairi, tyubu, cheni na breki, anaziba pancha, ananyoosha rimu. Akivitangaza vyote hakuna kitakachobaki kichwani mwa mtu. Tunachagua kimoja: ukinunua tairi kwake anakufungia bure, hadi Jumamosi. Tangazo linakuwa hivi:

"Tairi la baiskeli! Nunua tairi kwetu, kufunga bure. Tairi la baiskeli, kufunga bure, mwisho Jumamosi. Barabara ya Kumi na Mbili, chini ya mwarobaini. Kumi na Mbili, mwarobaini!"

Ni maneno 27. Kwa kasi ya maneno mawili kwa sekunde, sekunde 13 au 14. Weka kimya cha sekunde mbili, kisha lirudi. Gari likienda kilometa 10 kwa saa, kila mtu wa mtaa ule anapata angalau mzunguko mmoja kamili, na wengi wanapata miwili. Hata dereva akikimbia kilometa 20, sekunde 21 zinazidi mzunguko mmoja, kwa hiyo vipande vyote vinampitia msikilizaji, ingawa vingine kwa mpangilio wa nyuma mbele. Akisikia kwanza "chini ya mwarobaini" halafu ndipo "tairi la baiskeli", bado ataunganisha mwenyewe.

Angalia pia kilichorudiwa. Bidhaa imetajwa mara tatu, ofa mara mbili, mahali mara mbili. Jumamosi mara moja tu, kwa sababu asiyeisikia bado atakwenda, na pengine atakwenda mapema zaidi.

Kile kimya cha sekunde mbili si cha kupumzisha fundi. Bila kimya, "mwarobaini" inashikana na "tairi" ya mzunguko unaofuata na sikio halijui sentensi imekatikia wapi. Wauza mitumba wenye spika ndogo za kurekodi wanakosea sana hapa. Sauti yao inarudi bila nafasi, na kwa mbali inakuwa mlio mmoja usio na maneno.

Je, wajua spika ya tarumbeta hula besi?

Spika ile imetengenezwa irushe sauti mbali kwa umeme mdogo, na gharama yake ni sauti nzito. Chini ya mitetemo kama 300 au 400 kwa sekunde karibu haitoi kitu. Sauti ya mwanamume mzima inaanzia chini kabisa ya hapo, kwenye mitetemo kama 100 hadi 150. Sikio linajaza lenyewe pengo, ndiyo maana bado tunamtambua msemaji, lakini ule uzito wa kifua alioutegemea haupo. Mtangazaji mwenye sauti nene ya kupendeza studioni, juu ya gari anasikika kama anazungumzia ndani ya pipa. Sauti nyembamba inayotamka wazi hufika mbali zaidi, na hapa mara nyingi wanawake wanawashinda wanaume.

Muziki ni taabu nyingine. Tanga ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoipa taarabu gitaa na mwendo wa mjini, na hamu ya kuweka wimbo chini ya tangazo inaeleweka. Lakini gitaa la besi linapotea kwenye tarumbeta, na kinachobaki ni vinanda na waimbaji, wanaokaa katika mitetemo ile ile ya maneno yako. Wanakupokonya nafasi. Kama ni lazima, piga muziki peke yake gari likiwa barabara kuu, uzime linapoingia mtaani. Halafu wimbo wa mtu una mwenyewe: kuutumia kwenye tangazo la biashara kunahitaji ruhusa, na hapa Tanzania shughuli hizo ziko chini ya Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.

Sauti ikianza kupasuka, mafundi mitambo wengi huiongeza. Inatakiwa kupunguzwa. Kikuza sauti kikisukumwa kupita uwezo wake, au betri ya gari ikishuka nguvu, vilele vya sauti vinakatwa na konsonanti zinaungua. Makelele yanaongezeka, maneno yanapungua.

Je, wajua namba ya simu ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote?

Namba ina tarakimu 10. Kuisoma kwa utulivu ni sekunde tano au sita. Kuisoma mara mbili ni karibu tangazo zima la fundi wetu. Tena herufi "s" iko juu sana katika mitetemo ya sauti na inafifia kwa umbali, kwa hiyo "sita" na "saba" zinapoteza kichwa. "Nne" na "nane" zinafanana kwa ung'ong'o wake. "Tatu" na "tano" zinaanza sawa. Aliyeko barazani hana kalamu, na gari haliwezi kuulizwa.

Kwa hiyo kwenye kipaza sauti, mawasiliano bora ni mahali. Hapa Ngamiani imebarikiwa, maana mitaa yake mingi inajulikana kwa namba tu. Lakini tahadhari ni ile ile: Barabara ya Kumi na Sita na ya Kumi na Saba zinachanganyika kwa mbali, hivyo duka lililo huko linahitaji alama ya pili, iwe msikiti, mashine ya kusaga au mti. Namba ya simu iandikwe ubavuni mwa gari kwa herufi kubwa. Jicho linasoma tarakimu vizuri kuliko sikio la mtaani.

Redio ni kinyume. Kwa TK FM iliyoko mjini, au Pangani FM kule Pangani, msikilizaji anaweza kuwa kilometa nyingi kutoka dukani na "chini ya mwarobaini" haimsaidii. Sekunde 30 zinampa maneno kama 60, anayapata yote, na simu iko mkononi. Hapo namba inastahili nafasi: itajwe mara mbili, mwishoni, kwa mafungu ya tarakimu nne, tatu na tatu, kwa mpangilio ule ule mara zote mbili. Mtangazaji anayesoma mara ya kwanza "sifuri saba moja tatu" na mara ya pili "sifuri, sabini na moja, tatu" amemtupa msikilizaji aliyekuwa anaandika.

Je, wajua upepo nao huamua nani atasikia?

Upepo una kasi kubwa juu kuliko karibu na ardhi. Sauti inayokwenda na upepo inapindwa kurudi chini, masikioni mwa watu; inayokwenda kinyume inapindwa juu na kuwapita. Mchana Tanga upepo hutoka baharini, na msimu wa kusi unaongezeka nguvu, basi gari lililosimama linasikika vizuri zaidi upande wa bara kuliko upande wa Raskazone. Jua la saa nane nalo huchemsha ardhi, hewa ya chini inakuwa ya moto kuliko ya juu, na sauti inapinda kuelekea mbinguni pande zote. Alfajiri mambo yanageuka: ardhi imepoa, sauti inatambaa chini, ndiyo maana adhana ya mtaa wa tatu inasikika kama ya jirani. Muda mzuri wa gari ni asubuhi kabla ya joto, na jioni jua likishuka.

Usiku wa manane sauti ingefika mbali zaidi, lakini usijaribu. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinaweka kiwango cha chini zaidi usiku kuliko mchana, na maeneo kama hospitali yana kikomo kikali. Ukikaribia Hospitali ya Bombo, zima.

Kabla ya kulipia mafuta ya siku nzima, jaribu hivi. Egesha gari, piga rekodi ikizunguka, na mweke mtu asiyejua lolote hatua 80 mbali, mgongo akiwa ameligeuzia gari. Anza rekodi katikati, ikate baada ya sekunde 20. Muulize kinauzwa nini, kuna ofa gani, aende wapi. Mtu wa pwani kwa adabu atakwambia amesikia vizuri sana. Mtake aseme mwenyewe, usimtajie wewe. Akikwama kwenye mahali, badilisha alama. Akikwama kwenye ofa, mna ofa mbili ndani ya tangazo moja, na moja itoke.